Sahani ya orifisi au venturi? Nini cha kununua kupima maji kwenye bomba la inchi 4

Ukiingia duka la vifaa vya umwagiliaji hapa Nairobi ukaulizia venturi, kuna uwezekano mkubwa utaletewa kile kifaa cha plastiki kinachofyonza mbolea na kuiingiza kwenye mabomba ya dripu. Kazi yake anaijua mwenye shamba la nyanya, lakini hakipimi mtiririko. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji wazi: nataka kifaa cha kupima maji yanayopita bombani, chenye matundu mawili ya kuchukulia presha, na karatasi ya hesabu yake.

Mwongozo huu ni wa bomba la inchi 4 linalotoa maji kwenye kisima cha kiwanda na kuyapeleka kwenye tangi, kazi ya kawaida kabisa kuanzia Industrial Area hadi Ruaraka. Vifaa vyote ninavyovipanga hapa vinafuata kanuni moja. Unalibana bomba, maji yanaongeza kasi pale penye wembamba, na yakiongeza kasi presha inashuka. Ukipima tofauti ya presha kati ya pale pana na pale pembamba, unapata kiasi cha maji:

```
Q = C / sqrt(1 - b^4) * (pi/4) * d^2 * sqrt(2 * dP / rho)
```

Hapa `Q` ni mita za ujazo kwa sekunde, `d` ni kipenyo cha tundu kwa mita, `b` ni kipenyo hicho kikigawanywa kwa kipenyo cha ndani cha bomba, `dP` ni tofauti ya presha kwa paskali, na `rho` ni uzito wa mita moja ya ujazo ya maji, yaani kilo 1,000. `C` ndiyo inayotenganisha vifaa hivi: kwa sahani ya orifisi ni takriban 0.61, kwa venturi iliyokerezwa vizuri ni 0.995.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao. Kipenyo cha ndani cha bomba ni milimita 100, pampu inatoa mita za ujazo 36 kwa saa, sawa na lita 10 kwa sekunde. Tukiweka sahani yenye tundu la milimita 60, tofauti ya presha inakuwa kilopaskali 14.6, kama mita moja na nusu ya maji. Venturi yenye koo la milimita 48 ingetoa tofauti ileile. Kwenye transmita, yaani kifaa kinachosoma tofauti hiyo ya presha, hivi viwili vinafanana. Vinapotofautiana ni kwenye nafasi unayohitaji, umeme unaopotea, na jinsi kila kimoja kinavyochakaa.

Nafasi ya kwanza: sahani ya orifisi ya stenlesi, iliyokerezwa kwa kipimo

Kwa bomba la ukubwa huu, hiki ndicho ningenunua. Ni sahani bapa yenye tundu katikati, inayobanwa kati ya flanji mbili. Karakana nzuri ya kukereza vyuma inaweza kuitengeneza, mradi fundi apewe mchoro na asiachiwe kubuni. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5167 kimeeleza umbo lake kwa undani, na ukilifuata, hesabu ya hapo juu inakubalika bila kupeleka kifaa maabara. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mnunuzi wa hapa.

Kitu unachonunua hasa ni ukingo wa lile tundu. Upande maji yanakotokea, ukingo lazima uwe mkali wa pembe mraba, usiopigwa msasa wala kulainishwa. Mafundi wengi, kwa nia njema, huuondoa ukali ili usimkate mtu mkono, na hapo sahani imeharibika. Kwa tundu la milimita 60, mviringo wa ukingo haufai kuzidi milimita 0.024, na huwezi kuupima kwa kalipa. Ishike sahani mkononi, uimulike kwa tochi kutoka upande wa kuingilia maji, uzungushe polepole. Ukingo mkali haurudishi mwanga. Ukiona mstari mwembamba unang'aa kuzunguka tundu, rudisha sahani.

Kalipa itumie kwenye kipenyo. Pima tundu katika pembe nne tofauti. Kipenyo kinaingia kwenye hesabu kikiwa kimepigwa mraba, kwa hiyo kosa la milimita moja tu kwenye tundu la 60 linakupa kosa la zaidi ya asilimia 3 kwenye maji. Kipenyo cha ndani cha bomba nacho kipimwe, kwa sababu bomba la chuma la inchi 4 na la plastiki la inchi 4 hayalingani kwa ndani.

Sahani ikiwa nene kuliko milimita 2 kwenye bomba hili, upande wa kutokea maji hukerezwa mshazari wa digrii kama 45. Ikifungwa kinyume, mshazari ukielekea pampu, maji yatapita kwa urahisi zaidi, presha itashuka kidogo kuliko inavyostahili, na kipimo kitasoma chini ya ukweli, pengine kwa asilimia 20. Dai sahani yenye mkia unaochomoza nje ya flanji, umegongwa kipenyo cha tundu na upande wa kuingilia maji. Bila mkia huo, hakuna atakayejua imefungwaje mpaka bomba lifunguliwe.

Ubaya wake ni nafasi. Ikiwa kabla ya sahani kuna elbo moja ya digrii 90, kwa uwiano huu wa 0.6 unahitaji bomba lililonyooka la urefu wa vipenyo 42, yaani mita 4.2, na vipenyo 7 baada yake. Pima chumba chako cha pampu kwa futi kamba kabla ya kuagiza. Na jambo la kukumbuka miaka ijayo: ukingo ukilika au tope likijikusanya mbele ya sahani, kipimo huelekea kusoma pungufu. Pampu ikionekana kudhoofika polepole mwezi baada ya mwezi, fungua sahani uitazame kabla ya kuita fundi wa pampu.

Nafasi ya pili: venturi iliyokerezwa, yenye cheti cha kalibresheni

Venturi inabana maji taratibu hadi kooni, kisha inayaachilia taratibu zaidi, hivyo sehemu kubwa ya presha inarudi. Sahani ya mfano wetu inapoteza moja kwa moja kama asilimia 62 ya ile tofauti, kilopaskali 9 hivi. Venturi inapoteza kama asilimia 15, kilopaskali 2.2. Tuseme pampu na mota yake vinafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 60, saa 12 kila siku. Sahani inakula uniti 665 kwa mwaka, venturi 160. Ukiweka shilingi 20 kwa uniti, tofauti ni kama shilingi 10,000 kwa mwaka. Badilisha bei hiyo uweke ya bili yako.

Kwenye inchi 4, pesa hiyo huchukua muda mrefu kurudisha gharama ya kuagiza venturi. Lakini tazama bomba la milimita 300 lenye kasi ileile ya maji: maji ni mara tisa, hasara nayo ni mara tisa, karibu shilingi 90,000 kila mwaka, na pampu ikifanya kazi usiku na mchana inazidi hapo. Huko mpangilio wangu unageuka, na venturi inakuwa ya kwanza bila ubishi.

Sababu nyingine ya kuipendelea ni chumba kidogo. Baada ya elbo moja, koo hili linaridhika na vipenyo 9, chini ya mita moja. Ukiwa na mita mbili tu za bomba lililonyooka, sahani ya kawaida haina nafasi hapo, na venturi inastahili bei yake.

Ila cheti usikisamehe. Ile `C` ya 0.995 inategemewa pale tu mtiririko una kasi ya kutosha. Kwa bomba la milimita 100 lenye maji ya joto la kawaida, kizingiti ni karibu mita za ujazo 50 kwa saa. Mfano wetu wa 36 uko chini yake, ambako `C` hushuka. Kifaa lazima kiwe kimejaribiwa chenyewe kwa mtiririko unaofanana na wako, na matokeo yaandikwe.

Nafasi ya tatu: sahani yenye matundu manne

Hii ni sahani ya orifisi ambayo badala ya tundu moja ina manne yaliyopangwa kuzunguka katikati. Huvumilia vipenyo viwili tu vya bomba lililonyooka. Huagizwa kutoka nje, na `C` yake inatoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Inafaa ukikosa nafasi na huwezi kumudu venturi, lakini inapoteza presha kama ndugu yake.

Nafasi ya mwisho: venturi ya kuchomelea

Usiinunue kwa bomba hili. Venturi ya bati la kuchomelea inakubaliwa na kiwango kuanzia kipenyo cha milimita 200 kwenda juu. Kwenye inchi 4, vinundu vya welding ndani ya koo vinatosha kuharibu kipimo, na hakuna hesabu itakayokuokoa.

Transmita, ambako pesa nyingi huenda

Mtiririko unafuata kipeuo cha pili cha presha. Maji yakipungua hadi robo, tofauti ya presha inabaki moja ya kumi na sita: katika mfano wetu, kutoka kilopaskali 14.6 hadi 0.9. Transmita iliyowekwa kilopaskali 0 hadi 20, yenye kosa la asilimia 0.5 ya kipimo chake chote, itakupa kosa la asilimia 5 hivi kwenye maji ya robo. Kwa hiyo usikubali transmita ya kilopaskali 100 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Nunua inayoweza kuwekwa 0 hadi 20. Na ikiwa maji yako hushuka mara kwa mara chini ya robo, achana na njia hii, nunua mita ya sumakuumeme.

Nunua pia manifoldi ya valvu tatu. Ukifungua valvu ya katikati huku ukiwa umefunga moja ya pembeni, presha zinalingana, na transmita lazima isome sifuri. Isiposoma, kuna hewa kwenye mirija au transmita imehama. Matundu ya presha yatobolewe ubavuni mwa bomba la kulala. Juu hukusanya hewa, chini hukusanya tope.

Anayepima hewa au mvuke aangalie jambo moja la mji huu. Kwa kimo chetu, presha ya anga ni kama kilopaskali 83, si 101. Karatasi ya hesabu iliyoandaliwa kwa usawa wa bahari, kwa hewa ya kilopaskali 100 kwenye geji, itazidisha kipimo kwa karibu asilimia 5. Mwambie muuzaji aandike 83.

Kabla ya kumaliza malipo, fanya jaribio la tangi. Tangi la saruji la mita 4 kwa 2.5 lina eneo la mita 10 za mraba. Funga bomba la kutolea, washa pampu, pima maji yakipanda sentimita 60. Hizo ni mita 6 za ujazo, na kwa 36 kwa saa zinapaswa kuchukua dakika 10. Zikichukua dakika 9 na kifaa bado kinasoma 36, kinasoma pungufu kwa asilimia 10: anza kwa kuangalia kama sahani imefungwa kinyume, kisha mulika ukingo.