Kodeini au dekstromethofani?

Zote mbili hutuliza kikohozi kikavu, ila haziumizi kwa njia moja. Kodeini hugeuzwa na ini kuwa mofini, dawa kali ya maumivu. Kwa baadhi ya watu ini hugeuza haraka mno, na kipimo cha kawaida tu chaweza kudhoofisha pumzi. Mimi nasema mtoto asipewe kabisa. Mwili pia huizoea: mtumiaji wa muda mrefu akiacha ghafla hutokwa jasho na makamasi, huharisha na kukosa usingizi. Nigeria ilipiga marufuku uzalishaji na uingizaji wa sirapu za kodeini mwaka 2018.

Dekstromethofani haigeuki mofini, na uraibu wake ni nadra zaidi. Ikinywewa kupita kiasi huleta maruweruwe, na ni hatari ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona.