Impela ya Kizingitini: miezi minane na utafutaji mseto katika duka la vipuri Lamu

Ami yangu ana duka la vipuri vya mashine za boti hapa Lamu, upande wa Langoni. Bidhaa zake ni kama 2,300, na nyingi zimeandikwa kwenye orodha kwa namba za kiwandani. Wateja wenyewe hawaandiki namba. Nahodha akiwa Kiunga au Pate hutuma wasapu: "Ami, mashine yachemka, maji hayatoki." Hapo kijana wa dukani hufungua kompyuta na kutafuta. Kwa miaka tulitumia utafutaji uliokuja na programu ya mauzo. Ule ulilinganisha herufi tu, kwa hiyo asiyejua vipuri hakupata kitu.

Miezi minane iliyopita niliukalia mwenyewe nikaweka utafutaji mseto: hifadhidata ya PostgreSQL kwa maneno, nyongeza yake ya pgvector kwa maana, na kanuni ya RRF kuunganisha majibu ya pande mbili. Vyote ni vya bure, na kwa bidhaa 2,300 kompyuta ya dukani inatosha. Hata fahirisi ya vekta, yaani zile safu za namba zinazobeba maana, sikuijenga, kwa sababu pgvector isipokuwa na fahirisi hupima umbali wa kila bidhaa moja moja, na kwa wingi huu haikawii.

Nianze na sababu ya kutaka pande zote mbili, maana kwa Kiswahili sababu hiyo ina uzito wake. PostgreSQL haina kanuni za kurudisha neno la Kiswahili kwenye shina lake. Ukitumia mpangilio wake wa `simple`, inachofanya ni kushusha herufi kubwa tu. Basi "yachemka", "inachemka", "imechemka" na "kuchemka" kwake ni maneno manne yasiyojuana. Ongeza na Kiamu chetu, ambapo mtu huandika "mai" akimaanisha maji na "nde" akimaanisha nje, utaona jinsi maneno matupu yanavyoachwa njiani. Vekta hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Ninatumia modeli ya `multilingual-e5-small`, inayogeuza kila maelezo ya bidhaa kuwa safu ya namba 384. Modeli hii inataka swali litanguliwe na `query: ` na maelezo ya bidhaa yatanguliwe na `passage: `. Nilisahau wiki ya kwanza na majibu yakawa ovyo.

Ila vekta hiyo hiyo ukiipa namba ya kipuri hubabaika. Plagi ya B7HS na ya B8HS kwake ni kitu kimoja, ilhali fundi anajua tarakimu ile ndiyo kiwango cha joto, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Hapo maneno ndiyo yanayojua, kwa kuwa herufi ama zimelingana ama hazikulingana.

Sasa kuunganisha. Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kujumlisha alama za pande mbili, na yalinishinda siku ile ile. Alama ya `ts_rank`, ya upande wa maneno, kwa kawaida ilikuwa sehemu ndogo ya moja, na ya e5 karibu zote zilikaa juu ya 0.7 hata kwa bidhaa zisizohusiana. Ukijumlisha, vekta inameza kila kitu. RRF huziacha alama zote mbili na kuuliza jambo moja tu: bidhaa hii imeshika nafasi ya ngapi katika kila orodha? Kisha huipa moja gawanya kwa jumla ya 60 na nafasi hiyo, na hujumlisha kutoka orodha zote mbili. Njia hii imetoka kwenye karatasi ya mwaka 2009 ya Gordon Cormack na wenzake, na ile 60 ni yao.

Nichukue ujumbe ule wa mashine kuchemka. Upande wa maneno, ya kwanza ilikuja pampu ya kufua maji ya ngama, kwa sababu maelezo yake yanarudia "maji" na "mashine" mara kadhaa. Ya pili impela ya pampu ya maji, ya tatu rangi isiyopitisha maji. Upande wa vekta, ya kwanza themostati, ya pili impela, na pampu ya ngama ikawa ya tisa. Nahodha yeyote atakwambia jibu ni impela: mapezi yake ya mpira yakikatika, maji ya kupoza hayapandi na kitundu cha nyuma hakitoi kitu. Lakini hakuna orodha hata moja iliyoiweka mbele.

Hesabu yenyewe ni hii. Impela ilipata 1/62 mara mbili, yaani 0.03226. Pampu ya ngama ilipata 1/61 na 1/69, jumla 0.03089. Themostati, ambayo maelezo yake yameandikwa "injini" na si "mashine" na kwa hiyo haikuonekana upande wa maneno, ilipata 1/61 tu, yaani 0.01639. Impela ikatangulia. Ukiiondoa ile 60, ugawanye kwa nafasi yenyewe, impela inapata nusu na nusu, yaani 1, na pampu ya ngama inapata 1 na 1/9. Ya ngama inashinda kwa sababu tu ilikuwa ya kwanza mahali pamoja. Kazi ya 60 ni hiyo: kupunguza kiburi cha nafasi ya kwanza, ili makubaliano ya orodha mbili yawe na nguvu kuliko ushindi wa orodha moja.

Sehemu ya kuunganisha kwenye hifadhidata ni fupi:

```sql
SELECT id,
  coalesce(1.0/(60 + m.n), 0) +
  coalesce(1.0/(60 + v.n), 0) AS alama
FROM maneno m FULL JOIN vekta v USING (id)
ORDER BY alama DESC LIMIT 10;
```

`maneno` na `vekta` ni orodha mbili za bidhaa 20 kila moja, na `n` ni nafasi. Ukiandika `1` badala ya `1.0`, hifadhidata hugawanya kwa namba nzima na kila bidhaa hupata sifuri. Ukiandika `JOIN` bila `FULL`, themostati na wenzake waliomo katika orodha moja tu wanapotea kabisa. Kosa hili la pili ni gumu kuliona, kwa sababu majibu yanayobaki huonekana mazuri. Na jingine: `plainto_tsquery` hudai maneno yote ya swali yawemo katika bidhaa moja. Kwa sentensi ya mteja orodha ya maneno hurudi tupu, na unabaki na vekta peke yake huku ukidhani una mseto. Mimi huyaunganisha kwa `|`, yaani hili au lile, baada ya kuondoa "ya", "wa", "na" na "kwa", kwa sababu `ts_rank` haijui kwamba "ya" imo kila mahali.

Mwezi wa tatu tulipata kisa kilichotuumiza. Nahodha wa Kizingitini, mtu tunayemheshimu sana, alituma namba peke yake: 63V-44352-01, impela ya mashine ya 15. Kijana akatafuta, akachukua ya kwanza kwenye skrini, akaifunga, ikaenda na boti ya asubuhi. Ilikuwa 6H4-44352-02, ya mashine kubwa zaidi. Haikuingia. Mzee alikaa siku mbili bila kwenda baharini, na ami alipompigia kumwomba radhi nilikuwa nimesimama pale pale.

Usiku nilifungua majibu nikatazama alama. Zote mbili zilikuwa 0.01639, sawasawa kabisa. Upande wa maneno impela sahihi ilikuwa ya kwanza na ya pekee, ikapata 1/61. Upande wa vekta, swali lisilo na neno hata moja liliivuta namba yenye sura ya kufanana ikawa ya kwanza, nayo ikapata 1/61. Ile sahihi haikuingia hata katika ishirini za vekta. RRF haijui kwamba nafasi ya kwanza ya upande mmoja ni uhakika na ya upande mwingine ni bahati nasibu. Kwake zote ni nafasi ya kwanza, na zikilingana hifadhidata huweka mbele yoyote.

Nilijaribu kwanza kuupa upande wa maneno uzito mara mbili. Namba zikatulia, lakini sentensi zikaharibika: katika swali la mashine kuchemka, rangi isiyopitisha maji ilipata 2/63 ikaipita themostati yenye 1/61. Nikaacha. Sasa namba ina safu yake, imeondolewa vistari na nafasi, na swali nalo huondolewa vivyo hivyo kabla ya kulinganishwa. Ikilingana kikamilifu, bidhaa hiyo hupanda juu kabisa bila kupitia RRF, na iliyobaki ndiyo inayounganishwa. Tangu hapo hatujatuma namba isiyo yake. Ami amesisitiza pia kijana asome namba kwa sauti kabla ya kufunga mzigo, na naona ana haki.

Upungufu mwingine sijaumaliza. Mteja mmoja wa Malindi aliuliza jarife. Sisi hatuuzi nyavu za aina yoyote. Upande wa maneno ulirudi tupu, na vekta, ambayo siku zote huwa na kitu kilicho karibu zaidi, ikaleta kamba ya nailoni. Alama yake ilikuwa 0.01639, ile ile ambayo themostati iliipata kwa haki. Kwa kutazama alama ya RRF huwezi kujua kama bidhaa imefaa au imekuja tu kwa kukosa wenzake, kwa kuwa umbali halisi umeshatupwa njiani.

Kwa hiyo ninautazama umbali kabla ya kuunganisha. Ishara ya `<=>` ya pgvector hutoa umbali wa kosaini, na kinachozidi mpaka fulani hakiingii kwenye orodha ya vekta. Mpaka wenyewe niliupata kwa kuchukua jumbe za zamani za wateja, zile tulizojua jibu na zile za vitu tusivyouza, nikazipanga kwa umbali na kutafuta mahali zinapoachana. Haziachani vizuri, maana e5 huzibana namba zake karibu karibu, na ukibadilisha modeli unaanza upya. Niliuweka mpaka upande wa ukali. Orodha zote mbili zikirudi tupu, skrini huandika "Hatuna", na kijana humpigia ami simu kabla ya kumjibu mteja.