Miezi minane na manomita ya mrija wa U: sikuwa najua kuisoma

Mimi ni fundi wa gesi ya mitungi, kazi zangu nyingi ni Sinza na Mwenge. Manomita hii, ya kupimia shinikizo la gesi, niliinunua Kariakoo kwa elfu hamsini na tano baada ya saa yangu ya shinikizo ya mshale kuanguka na kukataa kurudi sifuri. Ni kitu cha kawaida kabisa: mrija wa plastiki unaopitisha nuru, umekunjwa kama herufi U, umefungwa kwenye ubao wenye vipimo vya milimita. Sifuri iko katikati, 250 kwenda juu na 250 kwenda chini. Unajaza maji hadi sifuri, unadondoshea rangi ya chakula ili uyaone vizuri, upande mmoja unauunganisha kwenye gesi na mwingine unauacha wazi kwa hewa. Haina betri.

Wiki ya kwanza nilikuwa naisoma vibaya. Gesi ikisukuma, maji hushuka upande mmoja na kupanda mwingine, na kipimo ni urefu wote kati ya nyuso hizo mbili. Mimi nilikuwa naangalia upande uliopanda tu, nazidisha kwa mbili, nakwenda zangu. Hesabu hiyo inakubali tu kama ulijaza maji sawasawa kwenye sifuri, na kwa joto la Dar maji hayakai sifuri, yanakauka kidogo kidogo. Siku moja nilikuwa nimejaza kupita kiasi, milimita 8 juu ya sifuri. Upande mmoja ulisoma 161 juu, mwingine 145 chini. Ningezidisha wa juu ningepata 322, ningezidisha wa chini ningepata 290. Jumla ya pande zote mbili ni 306, na hiyo ndiyo kweli. Tangu hapo najumlisha, sifuri ikae inapotaka.

Kuna na jicho. Maji ndani ya mrija hujikunja kama bakuli, yanapanda ukutani, kwa hiyo unasoma kitako cha bakuli, jicho likiwa usawa nacho. Na ukiona kipovu cha hewa kimekatiza maji, usisome. Gonga mrija kwa kidole mpaka kipovu hicho kipande juu na kutoka.

Kugeuza ni rahisi: gawanya milimita kwa 10.2 upate milibari. Regulata ya jiko la nyumbani yenye maandishi ya milibari 30 ni kama milimita 306 za maji. Ndiyo maana naipenda zana hii kwa kazi hizi, badiliko la milibari moja linaonekana kama sentimita nzima kwa macho. Kwenye saa ya mshale yenye vipimo vya bari ningeona mshale umelala tu.

Kazi iliyonifanya niiheshimu ni ya mgahawa mmoja Sinza. Mama mwenye mgahawa alikuwa na jiko la plati tatu kubwa. Akiwasha moja, moto mzuri wa bluu. Akiwasha zote tatu, moto unanyong'onyea, wali hauivi. Alishabadilisha regulata mara mbili kwa ushauri wa mafundi waliopita, na aliponiona na kibao changu chenye maji mekundu akacheka: "Fundi, hiyo juisi ndiyo itanipikia?"

Nilichomeka kwenye jiko kwanza, plati zote zikiwa zimezimwa: 330. Sawa, gesi ikiwa imesimama regulata huwa juu kidogo. Plati moja ikiwaka: 300. Zote tatu: 190, yaani chini ya milibari 19. Hapo wengi husema regulata mbovu. Nikahamisha kipimo mpaka kwenye regulata yenyewe, mtungi ukiwa nje ya ukuta, tukawasha zote tatu tena. Ikasoma 295. Kwa hiyo regulata ilikuwa inatoa gesi ya kutosha, na milimita 105 zilikuwa zinapotea njiani. Njia hiyo ilikuwa mpira wa milimita 8, karibu mita tisa, na nyuma ya friji ulikuwa umebanwa hadi umekunjika. Gesi ikisimama mpira mwembamba hauonekani kuwa tatizo, maana hakuna kinachopita. Lazima upime wakati zote zinawaka, tena sehemu mbili. Nikaweka bomba la shaba la nusu inchi na kipande kifupi cha mpira mwishoni. Jikoni, plati zote tatu: 285.

Ilikuwa bado kupima kuvuja, na hapa nilijiaibisha. Unafunga mtungi, maana ukiuacha wazi regulata itaendelea kujazia gesi inayovuja na maji hayatashuka. Kisha unawasha plati kidogo mpaka usomaji ushuke chini ya kiwango cha regulata, mimi niliacha 250, ili gesi iliyobaki kati ya mtungi na regulata isije ikajazia kimyakimya. Unazima, unasubiri. Ilikuwa saa saba mchana na bomba langu linapita ukuta wa nje. Baada ya robo saa maji yalisoma 320. Mama akafurahi, eti gesi inaongezeka. Wingu likapita, yakaanza kushuka, nami nikatoka mbio kupaka povu la sabuni kwenye kila nati, bila kuona kitu.

Lilikuwa jua. Gesi iliyofungiwa ikipata joto la digrii moja zaidi, shinikizo hupanda kwa kiasi cha milimita 35 za maji, kwa sababu kinachozidishwa ni pamoja na shinikizo la hewa yote ya nje, ambalo lenyewe ni kama mita 10 za maji. Digrii mbili tu zilitosha kunichezea. Nilirudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, bomba likiwa baridi, nikapima upya. Kwa dakika kumi ilishuka milimita 14. Hapo sasa povu lilinionyesha nati moja karibu na vali ya jiko ikipumua. Nikaikaza, nikapima tena, ikasimama palepale robo saa nzima.

Sasa lawama. Vipimo vimechapwa kwenye karatasi, na unyevu wa huku umeanza kuibandua, nimeipigia gundi mara mbili. Mrija unaanza kuwa na ukungu. Manomita ikiwa mpya inakuja na kifuniko kwenye mdomo ulio wazi, na niliwahi kukisahau: hewa iliyobanwa ikarudisha maji nyuma, nikasoma shinikizo la chini kabisa kuliko lilivyokuwa. Na usiichomeke upande wa shinikizo kubwa. Rafiki yangu fundi aliazima akaiunganisha kwenye jiko la regulata ya shinikizo kubwa, maji mekundu yakapiga dari na gesi ikaanza kutoka kupitia mrija. Bahati hapakuwa na moto. Mwisho wa manomita hii ni milimita 500, milibari 49 tu.

Regulata mbili alizotoa yule mama bado ziko juu ya friji lake, zote nzima. Nimezipima.