Eneo la kipande cha duara: kwa digrii au kwa radiani?

Mstari unaounganisha nukta mbili za mzingo hukata kipande ambacho eneo lake ni eneo la sekta ukiondoa pembetatu yenye kilele katikati ya duara.

Tuchukue nusu kipenyo cha sm 10 na pembe ya katikati ya digrii 60. Kwa digrii, sekta ni 60/360 × π × 100, yaani 52.36, pembetatu ni ½ × 100 × sin 60°, yaani 43.30, kipande kinabaki sm² 9.06, na kila hatua inaonekana kwenye mchoro.

Kwa radiani, fomula ½r²(θ − sin θ) inatoa 50 × (1.0472 − 0.8660), yaani 9.06 ileile, kwa mstari mmoja. Ni fupi, lakini kikokotoo kikiachwa kwenye digrii kitatoa 51.45, jibu linalokaribia sekta nzima, na hapo ndipo kosa linapojulikana.

Kwa anayejifunza, napendelea digrii. Mwenye vipande vingi vya kukokotoa atumie radiani, ila pembe ikiwa ndogo asikadirie mapema, kwa sababu kwa digrii 6, θ na sin θ zote huwa 0.105 katika desimali tatu, na eneo hugeuka sifuri.