Pete ya fedha mkononi: nimeipima Midjourney kwa picha za vito

Haya jamani, karibuni. Leo tunaipima Midjourney, programu ya akili bandia inayotengeneza picha kutokana na maelezo unayoiandikia, yaani prompti, kwa kazi moja tu: pete iliyotengenezwa kwa mkono, imevaliwa kidoleni, mwanga laini wa dirishani, nyuma kuna ukungu mzuri. Wanaouza vito mtandaoni mnaniuliza sana kuhusu hii.

Tuanze na prompti ambayo watu wengi huandika: pete ya mkono, mwanga wa asili, lenzi ya 85mm, f/1.2. Angalieni hizi picha nne ilizotoa. Zinavutia, sibishi. Lakini ivute karibu hii ya pili. Kito kimekolea, yaani kinaonekana wazi kabisa, ila ukingo unaokishika umeyeyuka, na ncha ya kidole, ambayo iko umbali uleule na pete, imeingia ukunguni. Kamera ya kweli haifanyi hivyo. Kwenye lenzi, ukungu hufuata umbali: vilivyo umbali mmoja hukolea pamoja. Midjourney haina lenzi wala haipigi hesabu ya f/1.2. Imejifunza tu kwamba picha zenye maneno hayo huwa na ukungu mwingi, basi inamwaga ukungu. Kwa hiyo namba za lenzi mimi nazitoa. Naiambia kitu gani kikolee na kitu gani kififie, basi.

Neno la pili linaloharibu ni "handmade". Ukiliandika peke yake, pete yenyewe inabaki laini kama ya kiwandani, halafu unaletewa kitambaa cha kitani na maua makavu pembeni! Eleza alama alizoacha sonara: vishimo vya nyundo, ukingo usiolingana sawasawa. Hii hapa ndiyo niliyobaki nayo, simamisha video uinakili:

```
close-up photo, hammered silver ring, small oval
tanzanite in a slightly uneven bezel, worn by a
Tanzanian woman in her fifties, dark brown skin,
short bare nails, hand resting flat on a wooden table,
window light from the left through a thin curtain,
ring in sharp focus, background softly blurred
--ar 4:5 --style raw --s 50 --no sparkle
```

Umri na kucha nimevitaja makusudi. Usipotaja, mara nyingi unapewa mkono mweupe wa binti wa matangazo, kucha ndefu, ngozi haina hata mkunjo kwenye kifundo. Na mkono nimeulaza mezani kwa sababu vidole vinavyopishana au kushika kikombe ndipo hesabu ya vidole inapopotea. Ile `--s 50` inapunguza urembo ambao programu huongeza yenyewe. Kawaida yake ni 100. `--no sparkle` inapunguza vile vimetameta vya nyota.

Kuhusu mwanga, mtaona wengi wanaandika dirisha linaloangalia kaskazini. Ushauri huo umetoka Ulaya, ambako dirisha la kaskazini karibu halipigwi na jua. Dar es Salaam, mwezi wa sita, jua la mchana liko kaskazini, linaingia mzimamzima. Kwenye prompti bado maneno hayo yanafanya kazi, kwa kuwa programu imeyajifunza kutoka kwenye picha za huko. Ila ukipiga picha mwenyewe, usiyafuate. Kaa kivulini, barazani. Mimi naandika pazia jepesi na upande ambao mwanga unatokea. Upande ni muhimu, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha vishimo vya nyundo. Ukija kutoka mbele, fedha inakuwa kama bati.

Matokeo ndiyo haya. Ngozi safi, ina mng'ao wake wa kawaida. Ukungu unaanza nyuma ya kifundo, unakua taratibu. Tanzanaiti bado inanisumbua: mara nyingi inatoka bluu tupu kama yakuti, ule urujuani wake haupo. Ukiongeza "violet-blue" inasaidia kiasi.

Sasa, ninunue? Kama unataka picha ya kumwonyesha mteja wazo kabla sonara hajaanza kazi, ndiyo, inafaa sana. Kwa kuuza pete ambayo tayari ipo, hapana. Endesha prompti hiyohiyo tena, kito kinabadilika umbo na vishimo vya nyundo vinahamia kwingine. Mteja atapokea pete ambayo hakuiona, na atakurudishia kwa haki kabisa.

Kwa pete iliyopo, piga picha ya kweli kwa simu, kivulini, mkono umelala. Ipandishe kwenye Editor, sehemu ya kuhariri picha ndani ya Midjourney, futa mandharinyuma peke yake, uandike meza na pazia unavyotaka. Pete na vidole usiviguse. Halafu vuta karibu pale ukingo wa kidole unapokutana na ukungu: ukiona mstari mkali kama umekatwa kwa mkasi, futa tena, safari hii ukiacha nafasi kidogo kuzunguka kidole.