Umande wa picha: maji matupu au maji na gliserini?

Wanaouza maua hapa Mwanza wakitaka picha ya tangazo la delivari, ule umande kwenye waridi wanautengeneza kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji matupu kwenye chupa ya spreya, rahisi, ua halidhuriki, ukimaliza kupiga unalifunga linaenda kwa mteja Capri Point na bodaboda. Shida matone yanaungana yanateleza, na duka likiwa wazi upepo wa ziwa unaingia, hujamaliza hata kupanga shada petali zishakauka unaanza upya.

Ya pili unachanganya maji na gliserini ya duka la dawa, nusu kwa nusu, unapuliza kwa mbali kidogo. Hapo tone linakaa duara, haliondoki hata masaa, unapata muda wa kuhamisha ndoo na mikasi nyuma na kulisogeza shada mbali na shelfu ili nyuma ififie. Ila inanata, na inavuta maji ya petali, kwa hiyo hilo shada la picha usimuuzie mtu.

Mwanga wa zote mbili ni uleule, dirisha la pembeni lenye pazia jeupe jepesi, flashi zima kabisa maana inaacha nukta kali kwenye kila tone.

Mimi kwa shada la oda ya leo napuliza maji tu, tena mwisho kabisa simu ishawekwa kwenye stendi. Gliserini naiacha kwa bango la mwezi mzima.