Katiba: iandikwe na wataalamu au na Bunge Maalum?

Kenya 2010 na Tanzania 2014 zote zilikusanya maoni ya wananchi. Tofauti iko hapa: baada ya maoni kukusanywa, nani alikuwa na kalamu?

Kenya iliipa Kamati ya Wataalamu, ikiongozwa na Nzamba Kitonga. Wanasiasa hawakuwekwa kando kabisa. Kamati ya wabunge ilikutana Naivasha Januari 2010 ikaubadilisha muundo wa serikali kutoka mseto wa rais na waziri mkuu kwenda urais. Lakini rasimu ilipofika bungeni, kuibadili kulihitaji wingi mkubwa wa kura. Wabunge wakaleta mapendekezo zaidi ya 100, hakuna lililopita. Agosti 4 wananchi waliipitisha kwa takriban asilimia 67.

Tanzania nayo ilikuwa na tume, ya Jaji Joseph Warioba, iliyopendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Rasimu ikaingia Bunge Maalum, lililojaa wabunge wa Muungano, wawakilishi wa Zanzibar na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais. Huko serikali tatu zikageuka mbili. UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walishatoka ukumbini tangu Aprili 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa hadi leo.

Kwangu, Bunge Maalum si tatizo. Tatizo ni wabunge walio madarakani kuamua mipaka ya madaraka yao wenyewe. Mwananchi aliyetoa maoni anaangalia jambo moja: kama maoni yake yalibadilishwa, aliyeyabadilisha alieleza sababu?